Kusoma picha ya kikaango cha nonstiki: utando wa aina gani, una usalama gani, na umebakiza muda gani

Picha ya simu haionyeshi kemikali. Ni vyema jambo hili likubaliwe mapema, kwa sababu wengi wanaotuma picha ya kikaango kwa Wasapu huuliza swali moja tu, yaani kama kina sumu au hakina, na swali hilo halijibiki kwa kutazama. Kinachosomeka katika picha ni mambo matatu: aina ya utando kwa makisio ya karibu, hali ya utando huo, na namna kikaango kilivyotumiwa. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua sehemu kubwa ya usalama, kwa kuwa madhara ya kikaango cha nonstiki hutokana zaidi na moto uliopita kiasi na utando uliokwisha kubanduka kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi.

Maelezo haya ni ya anayejibu picha hizo, nayo yamelenga majiko ya Tanga, ambako kikaango kilekile hupikiwa mkate wa maji alfajiri, samaki mchana na chapati jioni, leo juu ya gesi na kesho juu ya mkaa gesi inapokwisha. Mabadiliko hayo ya moto huacha alama, na alama hizo ndizo tunazozitafuta.

Picha za kuomba kabla ya kujibu

Picha moja iliyopigwa kutoka juu, tena usiku chini ya taa ya jikoni, haina msaada. Kikaango kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikaushwe kabisa, kisha kipelekwe barazani kwenye kivuli, mahali ambapo mwanga unatoka upande mmoja. Flashi izimwe, kwa sababu mwanga unaotoka mbele hufuta vivuli vidogo, na lengelenge la utando halionekani ila kwa kivuli chake. Picha ya kwanza ichukue sehemu yote ya ndani. Ya pili ipigwe simu ikiwa imeinamishwa karibu na ukingo, ili mwanga uteleze juu ya utando. Ya tatu iwe ya karibu, ionyeshe ukingo pamoja na ribiti zinazoshika mpini. Ya nne iwe ya kitako na maandishi yake.

Ikiwezekana iongezwe ya tano, yenye matone machache ya maji yaliyodondoshwa katikati na mengine pembeni. Juu ya utando mzima, tone husimama na kujikusanya. Juu ya utando uliochoka, hutandazika na kushika umbo lisilo na mpangilio. Mara nyingi tofauti kati ya katikati na pembeni katika picha hii hueleza zaidi kuliko picha nyingine zote, kwa kuwa pembeni hutuonyesha kikaango kilivyokuwa na katikati hutuonyesha kilivyo sasa.

Kuna mtego mmoja. Simu nyingi hulainisha picha zenyewe ili sura za watu zipendeze, na Wasapu huibana picha inapotumwa, hivyo mikwaruzo myembamba hupotea njiani. Mtumaji azime urembo wa kamera na atume picha kama faili.

Kwanza, ni utando gani?

Tando zinazouzwa kwa wingi ni mbili. Ya kwanza ni ya PTFE, ambayo Roy Plunkett aliigundua mwaka 1938 akiwa mkemia wa kampuni ya DuPont, na ambayo wengi huiita Tefloni kwa jina lake la biashara. Katika picha huonekana nyeusi au kijivu kilichokolea, mng'ao wake ni wa kadiri, na taswira ya dirisha inayoakisiwa juu yake huwa na kingo zilizofifia. Ya pili ni ile inayoitwa seramiki, ambayo msingi wake ni silika. Hii hung'aa kama kioo, huakisi dirisha kwa mistari mikali, na ndiyo inayopatikana kwa rangi nyeupe, maziwa au kijani kibichi. Rangi peke yake si ushahidi, kwani seramiki nyeusi zipo na PTFE ya rangi ya maziwa ipo. Mwakisiko ni ushahidi bora kidogo, na maandishi ya kitakoni ni bora zaidi.

Vikaango vya madoadoa vinavyouzwa kwa jina la graniti au marumaru huwachanganya wanunuzi kuliko vyote. Madoadoa hayo ni rangi tu. Chini yake, mara nyingi utando ni PTFE ileile, mara nyingine ni seramiki, na karibu kamwe hakuna jiwe la kutajika. Muuzaji anayesema kuwa kikaango ni cha jiwe na kwa hiyo hakidhuriwi na mwiko wa chuma asiaminiwe kwa neno hilo.

Maandishi nayo yasomwe kwa makini. Yanayosema kuwa kikaango hakina PFOA hayamaanishi kuwa hakina PTFE. PFOA ilikuwa kemikali ya kusaidia kutengeneza utando, nayo ndiyo iliyoleta kelele zote kuhusu saratani. Kampuni kubwa zilikubaliana na serikali ya Marekani kuiondoa kufikia mwaka 2015, na mwaka 2019 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sugu zinazochafua mazingira. Kikaango kipya cha PTFE kinaweza kabisa kuandikwa hivyo kwa haki. Anayetaka kuepuka PTFE yenyewe atafute maandishi yanayoikana kwa jina lake.

Jambo la mwisho katika kutambua aina ni ukingo. Vikaango vya bei ya chini hutengenezwa kwa bamba la alumini lililopakwa utando likiwa bado bapa, kisha likakandamizwa kuwa kikaango na kukatwa ukingo. Ndiyo maana ukingo wake huonyesha mstari wa fedha uliokatwa wazi, na ndani huwa laini bila ribiti, kwa kuwa mpini umeshikishwa kwa nje. Utando wa namna hiyo huwa mwembamba. Kikaango kilichonyunyiziwa utando baada ya kupata umbo mara nyingi huwa na utando uliofika hadi ukingoni au kuupita. Ishara hii si kanuni, kwa sababu wapo wanaosugua ukingo wa kikaango kizuri ili ung'ae, lakini ikiunganishwa na unene wa bamba huwa na uzito. Rula ya shule ikisimamishwa pembeni ya ukingo kwenye picha hutosha kuonyesha kama bamba lina milimita 2 au 4, na bamba jembamba hupata joto kwa haraka na kupinda mapema.

Dalili ya kahawia inayonata

Hii ndiyo dalili inayotupisha vikaango vingi visivyo na kosa. Picha huonyesha utando wa rangi ya asali au kahawia, hasa kwenye kuta za pembeni na kuizunguka sehemu inayokaa chakula, na mwenye kikaango hulalamika kwamba mayai yameanza kushika. Utando wa awali haujaondoka, umefunikwa. Ni mafuta yaliyopakwa membamba, yakapata moto bila chakula cha kuyapoza, yakagandamana kuwa kama vanishi. Kwenye seramiki dalili hii huja mapema zaidi, na ndiyo sababu watu husema seramiki hufa baada ya miezi michache.

Ili kuthibitisha, kikaango kijazwe maji nusu, kiwekewe vijiko viwili vya chakula vya soda ya kuokea, kichemshwe kwa moto mdogo dakika 10, kiachwe kipoe, kisha kisuguliwe kwa dodoki au sponji laini. Magadi yasitumiwe badala yake, kwa sababu ukali wake hula alumini pale penye mwanya. Baada ya hapo ipigwe upya picha ya matone ya maji. Rangi ikipungua na matone yakasimama, kikaango ni kizima. Rangi ikiondoka lakini matone yakaendelea kutandazika, basi utelezi wenyewe umekwisha, ingawa hilo ni suala la urahisi wa kupika, si la sumu.

Utando mweupe wa unga unaobaki baada ya maji kukauka, ambao nyumba zinazotumia maji ya kisima zinaujua, ni chumvichumvi za maji tu. Siki kidogo huuondoa.

Dalili ya mistari ya fedha

Mkwaruzo ambao ndani yake bado ni mweusi au kijivu haujafika kwenye chuma. Mkwaruzo unaong'aa fedha umefika. Picha ya pili, ile iliyoinamishwa, ndiyo inayotenganisha hali hizi mbili, na inafaa kupigwa mara mbili kutoka pande tofauti, kwa sababu mkwaruzo mweusi unaweza kumeta ukipatwa na mwanga kwa pembe fulani.

Vipande vya PTFE vikimezwa havimeng'enywi, hupita na kutoka, kwa hiyo aliyekula yai lenye punje nyeusi hana sababu ya kukimbilia hospitali. Hoja ya mistari ya fedha ni nyingine: sasa chakula kinagusa bamba. Alumini hulika kwa vyakula vichachu, na samaki wetu hupikwa kwa ndimu, nyanya na ukwaju. Tena picha haiwezi kueleza bamba limetokana na nini, ilhali vyombo vya alumini iliyoyeyushwa kutoka kwenye vyuma chakavu vimewahi kukutwa na madini ya risasi. Mstari mmoja mwembamba kwenye kikaango cha mtengenezaji anayejulikana unavumilika kwa chapati na mayai. Mistari inayokutana na kufanya wavu, au kiraka cha fedha chenye upana wa kidole, ni alama ya kukiondoa jikoni. Chanzo chake katika picha nyingi hakifichiki: mistari iliyopinda kufuata mzunguko ni ya kijiko cha chuma, na mistari mifupi isiyo na mwelekeo ni ya waya wa kusugulia masufuria.

Dalili ya malengelenge

Malengelenge ndiyo dalili nzito kuliko zote, na ndiyo inayokosekana kwenye picha mbaya. Huonekana kama vipele vidogo, kila kimoja kikiwa na kivuli upande mmoja, aghalabu katikati ya kikaango. Baadhi huwa vimepasuka na kuacha shimo lenye ukingo uliochanika.

Visababishi vikubwa ni viwili, na mahali palipotokea dalili husaidia kuvitenganisha. Vipele vilivyotawanyika huku na huku, hasa karibu na ribiti na ukingoni, hutokana na maji ya chumvi kupenya kwenye vitundu vya utando na kuifikia alumini, ambayo hulika na kuusukuma utando juu. Mchuzi wa samaki ukilazwa kikaangoni usiku kucha huharakisha jambo hilo. Vipele vilivyokusanyika katikati, pamoja na rangi iliyofifia au kijivu cha majivu mahali hapo, hutokana na moto.

Kuhusu moto inafaa kukaa kidogo. PTFE huanza kuharibika polepole ikipita nyuzi joto 260 za Selsiasi, na ikipita 350 huvunjika kwa kasi na kutoa mvuke unaodhuru mapafu. Anayeuvuta anaweza, saa chache baadaye, kupata homa, baridi na kifua kubana, hali ambayo kwa kawaida hutulia baada ya siku moja au mbili. Ndege wa kufugwa, kama kasuku, huweza kufa. Kikaango chenye chakula chenye majimaji hakifiki huko, kwa kuwa maji huzuia joto lisipande. Kikaango kitupu chembamba juu ya gesi iliyofunguliwa yote hufika kwa dakika chache, na juu ya mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, huku upepo wa bahari ukiingia mlangoni na kuupuliza, hakuna kitufe cha kupunguza. Mafuta ni kipimo kizuri: mengi ya kupikia hutoa moshi kabla ya nyuzi 260, kwa hiyo moshi wa mafuta ni onyo linalokuja kabla ya mvuke wa utando. Kikaango kikavu hakitoi onyo hilo.

Seramiki haina mvuke huo na huvumilia joto zaidi, lakini hupasuka. Badala ya malengelenge, picha huonyesha nyufa kama nywele, ambazo kwa kawaida ni matokeo ya kumwagia maji baridi kikaango kilichotoka motoni.

Muda uliobaki

Hapa mwandishi wa jibu anapaswa kuwa mnyenyekevu na kutoa makadirio yenye upana. Kikaango kizuri cha PTFE kinachotumiwa kila siku nyumbani kwa moto wa kadiri hudumu takriban miaka 3 hadi 5. Chembamba cha bei ya chini, mwaka 1 hadi 2. Seramiki mara nyingi hupoteza utelezi ndani ya mwaka 1 hadi 2. Kwa mwenye biashara, anayepika saa nyingi mfululizo, makadirio hayo hayamhusu.

Swali la msingi si umri bali ni kama uchakavu umeshaanza kujiendesha wenyewe. Utelezi uliopungua kwa usawa hupungua pole pole na unaweza kukadiriwa. Utando ulioinuka au kuchanika popote hauna makadirio, kwa sababu maji na chumvi sasa vina mlango, na kila mlo huupanua.

Mfano mmoja hadi mwisho

Mama mmoja wa Ngamiani anayeuza mkate wa maji barazani kwake alituma picha za vikaango viwili, kimoja cheusi na kimoja cha rangi ya maziwa, pamoja na maneno haya: "Mwanangu, hiki cheusi bado kinateleza vizuri, hicho cheupe kimeshakufa. Nitupe cheupe?"

Picha za kwanza zilimuunga mkono. Cheusi kilikuwa kimeng'aa, cheupe kilikuwa na pete ya kahawia na katikati pamepauka. Aliombwa apige tena kwa utaratibu ulioelezwa juu, na picha za asubuhi iliyofuata zilisema kinyume. Kwenye cheusi, picha iliyoinamishwa ilionyesha vipele vya ukubwa wa punje ya ufuta katikati, viwili vikiwa vimepasuka, na rangi ya mahali hapo ilikuwa ya majivu. Ukingo wake ulikuwa na mstari wa fedha uliokatwa, na rula ilionyesha bamba la takriban milimita 2. Kitako kilikuwa cheusi kwa masizi, ishara kwamba kinakaa juu ya mkaa. Hapo kisababishi kikasomeka bila kubahatisha. Mkate wa maji hupikwa kwa kikaango kilichopata moto kabla ya kumimina unga, na kati ya mkate mmoja na mwingine kikaango hukaa kitupu juu ya mkaa wakati muuzaji anahudumia mteja. Kuteleza kwake kulikuwa kweli, kwa sababu utando wa PTFE huweza kuendelea kuteleza huku umekwisha kuachana na bamba.

Cheupe hakikuwa na ufa wala mstari wa fedha. Tone la maji pembeni, juu ya kahawia, lilitandazika, na katikati lilisimama nusu. Alichemsha maji yenye soda ya kuokea, akasugua kwa dodoki, akatuma picha nyingine: pete ilikuwa imebaki kivuli tu, na tone la katikati lilisimama.

Jibu lilikuwa hili: "Shikamoo mama. Cheupe ukibakishe, ukipikie kwa gesi ya chini, mafuta uyapake kwa kitambaa na si kwa kumwaga, nacho kinaweza kukufikisha miezi sita au zaidi kidogo kwa kazi yako. Cheusi kisirudi motoni. Kwa mkaa nunua cha chuma cha kusubu, kwani hakina utando wa kuharibika." Akajibu kwamba cheusi basi atakitenga kwa kukaangia karanga, maana karanga hazishiki. Ilibidi aandikiwe tena mara moja, kwa kuwa karanga hukaangwa bila mafuta wala maji, kwa moto wa muda mrefu, na hiyo ndiyo kazi ambayo kikaango cha namna ile hakitakiwi kupewa hata kikiwa kipya.